Kizunguzungu cha ghafla, macho yanacheza, kipimo cha kichwa kimetoka "safi". Nimrudishe nyumbani au nimpe rufaa?

TabibuWilayani

Wakuu, nipo zamu hospitali ya wilaya na nina mgonjwa ananiumiza kichwa. Mwenye uzoefu anisaidie, maana gari la wagonjwa lipo moja na mkoani ni mwendo wa saa nne.

Baba wa miaka 58, ana presha na anameza dawa siku akikumbuka. Ameamka saa kumi na moja alfajiri dunia inamzunguka, katapika mara kadhaa, na mpaka sasa saa sita mchana haijatulia. Presha 178/104, sukari 9.2, malaria hasi. Anaongea vizuri, uso haujapinda, mikono na miguu ina nguvu sawasawa. Hana historia ya sikio, na anasikia kama kawaida.

Macho yanacheza. Akitazama kulia yanarukia kulia, akitazama kushoto yanarukia kushoto. Akitazama mbele yanatulia karibu kabisa. Nikamfanyia kile kipimo cha kumzungusha kichwa ghafla huku anatazama pua yangu: pande zote mbili macho yamebaki puani, hayakuteleza hata kidogo. Kitu kingine, nikimkalisha kitandani bila kushika kitu anaanguka upande wa kushoto.

Mwenzangu anasema ni sikio, tumpe sinarizini na dripu, jioni aende nyumbani. Hoja yake ni kwamba kipimo ni kizima na hakuna dalili ya kiharusi mwilini. Mimi moyo haujatulia. Mnasemaje?

---

Ngalawa77

Mkuu usijisumbue. Kanuni ni nyepesi: macho yakicheza kwenda pembeni ni sikio, yakicheza juu na chini ni ubongo. Huyo anacheza pembeni, tena kipimo cha kichwa ni kizima. Sikio hilo. Sinarizini, apumzike, baada ya siku tatu anarudi shambani.

---

MamaSwaumu

Pole sana kwa kazi daktari. Mimi ilinikuta hiyohiyo mwaka jana. Nikigeuka kitandani upande wa kulia chumba kizima kinapinduka, natapika, baada ya muda kidogo kinatulia. Nilifanyiwa lile zoezi la kulazwa chali kichwa kikining'inia, wakanigeuza taratibu mpaka nikakaa, nikapona palepale. Mfanyie na huyo baba, halina gharama.

---

Msumari_Mrefu

TabibuWilayani, mpe rufaa sasa hivi. Nikimaliza kuandika hapa nataka nisikie gari limeshaondoka.

Naeleza sababu, kwa sababu hoja ya mwenzako wengi wanaishika hivyohivyo na iko kichwa chini miguu juu. Kwa mgonjwa kama huyo, kipimo cha kichwa kuwa kizima ndiyo habari mbaya. Kingekuwa kibovu upande mmoja ningekuwa na amani zaidi.

Anza na jambo unaloweza kulijaribu hapo ulipo. Nyoosha mkono, shika simu, itikise kushoto kulia haraka huku unajaribu kusoma. Maandishi yanapotea. Sasa tuliza simu na utikise kichwa kwa kasi ileile. Unasoma bila shida. Mwendo ni uleule lakini kazi inafanywa na njia mbili tofauti. Simu ikitembea, ubongo lazima uone kwanza kisha uagize macho, na safari hiyo inachukua kama milisekunde 100. Kichwa kikitembea, mifereji ya nusu duara ya sikio la ndani inahisi mzunguko na macho yanasukumwa upande wa pili ndani ya takriban milisekunde 10. Njia yenyewe ni fupi ajabu, neva tatu tu zinapokezana: kutoka sikioni hadi kiini cha mizani kwenye shina la ubongo, kutoka hapo hadi viini vinavyoendesha macho, na kutoka hapo hadi kwenye misuli ya jicho.

Masikio mawili yanafanya kazi kama wapiga makasia wawili wa mtumbwi mmoja. Hata kichwa kikiwa kimetulia kila sikio linapeleka ishara muda wote, na ubongo unalinganisha. Sasa neva ya kulia ikiugua ghafla, upande wa kulia unanyamaza, wa kushoto unaendelea. Ubongo unasoma tofauti hiyo kuwa kichwa kinazunguka kushoto, ingawa mtu amelala. Basi macho yanasogezwa polepole kulia, yakifika mbali yanarushwa haraka kushoto, yanaanza tena. Kucheza huko kwa macho ndiko tunakoita nistagmasi, na huo mruko wa haraka ndio tunaoutumia kutaja upande: nistagmasi ya kushoto, ugonjwa uko kulia.

Mgonjwa wa namna hiyo ukimzungusha kichwa ghafla kuelekea kulia, sikio la kulia halina la kusema. Macho yanakwenda pamoja na kichwa, yanaiacha pua yako, halafu yanaruka kurudi. Huo mruko wa kurudi ndio Halmagyi na Curthoys waliueleza mwaka 1988, na hauhitaji mashine yoyote.

Rudi sasa kwa baba yako. Ana kizunguzungu cha masaa saba mfululizo na macho yanacheza, kwa hiyo kuna kitu kimeharibika. Ukapima njia ile fupi ya sikio na neva ukaikuta nzima pande zote. Kama sikio na neva ni wazima, kilichoharibika kiko wapi? Kimebaki ubongo. Serebelamu, yaani ule ubongo wa nyuma chini ya kisogo, haimo kwenye zile neva tatu, yenyewe inazirekebisha tu. Mshipa unaolisha sehemu yake ya chini ukiziba, mtu anazungukwa na dunia, anatapika, anashindwa kukaa, na kipimo cha kichwa kinatoka kizuri kabisa. Uso haupindi, na mikono inabaki na nguvu kwa sababu njia za nguvu hazipiti huko.

---

Ngalawa77

Sawa mkuu, lakini nilichosema kuhusu pembeni na juu-chini nimefundishwa darasani. Kwa hiyo ni uongo?

---

Msumari_Mrefu

Nusu yake ni kweli. Macho yakicheza wima tupu, juu au chini, kwa mtu mwenye kizunguzungu kisichokatika, usilaumu sikio. Mruko wa kwenda chini hasa unaelekeza serebelamu au pale fuvu linapokutana na shingo, na dawa pia zinaweza kuuleta. Lithiamu na fenitoini zinajulikana kwa hilo.

Nusu ya pili ndiyo inayoua. Kucheza pembeni hakuuachii huru ubongo. Wengi wa wenye kiharusi cha serebelamu macho yao yanacheza pembeni. La kuangalia ni kama mruko unabadilisha upande.

Nistagmasi ya sikio haigeuki. Ikiwa ya kushoto ni ya kushoto popote atakapotazama: akitazama kushoto inazidi nguvu, mbele inapungua, kulia inafifia au kukoma, lakini kamwe hairukii kulia. Mara nyingi ina mzunguko kidogo pia, jicho linazunguka kwenye mhimili wake huku linakwenda pembeni. Na ukimpa kitu cha kukazia macho inapungua. Hatuna miwani ya Frenzel wilayani, basi chukua karatasi nyeupe, iweke karibu na uso wake asiwe na cha kukazia, wewe chungulia kutoka ubavuni. Ya sikio itafufuka.

Ya huyu baba inafuata anakotazama. Sababu yake si kwamba sikio moja limenyamaza. Kulishikilia jicho pembeni ni kazi, kwa sababu nyama za tundu la jicho zinalivuta lirudi katikati muda wote. Serebelamu na shina la ubongo ndivyo vinavyolishikilia. Vikishindwa, jicho linateleza kurudi kati na mtu analirusha tena pembeni, kulia akitazama kulia, kushoto akitazama kushoto. Mlevi yeyote wa Jumamosi usiku anaweza kukuonyesha hiyo, na mgonjwa wa kifafa aliyezidisha fenitoini pia. Kwa hiyo muulize ndugu kama amekunywa, lakini mtu wa kuamka nayo alfajiri na kuanguka akikalishwa, sitasubiri jibu.

Nikumbushe pia kwamba kutobadilika upande hakumsafishi mtu. Chini ya nusu ya viharusi vya aina hii ndivyo vinavyoonyesha kubadilika. Ndiyo maana hatutegemei macho peke yake.

---

TabibuWilayani

Gari limetoka saa saba na robo, na nesi yupo naye. Asante mkuu. Nimepiga simu mkoani, daktari wa huko kaniuliza swali moja tu: "Ana udhaifu upande gani?" Nikamwambia hana. Akanyamaza kidogo.

Halafu swali: kuna kipimo cha kuziba jicho nilikisoma sikukifanya. Kina faida?

---

Msumari_Mrefu

Kina faida. Mwambie akazie pua yako. Ziba jicho moja kwa kiganja, kisha hamishia kiganja haraka kwenye jicho la pili, rudia kwa utulivu. Unatazama lile jicho linalofunuliwa. Likisogea juu au chini kuitafuta pua, macho hayakuwa kwenye kimo kimoja, na kwa mgonjwa wa namna hii hilo linaelekeza kwenye shina la ubongo. Likisogea pembeni lisikushughulishe, watu wengi wanayo tangu zamani.

Hayo matatu pamoja, yaani kipimo cha kichwa, nistagmasi na kuziba jicho, ndiyo wanayoyaita HINTS. Marekani mwaka 2009 walichapisha wagonjwa 101 wenye hatari ya kiharusi, na kwa mikono ya mabingwa vipimo hivyo vitatu havikukosa kiharusi hata kimoja, wakati MRI ya mwanzo ilikosa asilimia 12 ndani ya siku mbili za kwanza.

---

MamaSwaumu

Daktari Msumari, mbona mimi hujanijibu? Kwa hiyo na mimi nilikuwa na kiharusi wakanigeuzageuza tu?

---

Msumari_Mrefu

Hapana mama, samahani, nilikuruka. Wewe ulitibiwa sawasawa, ila ugonjwa wako ni mwingine kabisa.

Chako kilikuja ukigeuka na kukatika chini ya dakika moja. Hivyo ni vijiwe vidogo vya chokaa vilivyobanduka mahali pake na kuingia kwenye mfereji wa nyuma. Ukilala vinateremka, maji ya mfereji yanasukumwa, ubongo unadhani unazunguka. Vikitulia, nawe unatulia. Ukilazwa kichwa kikining'inia, macho yanasubiri sekunde chache, kisha yanaruka kuelekea juu huku yakizunguka kuelekea sikio lililo chini, halafu yanakoma yenyewe. Ukiwa umekaa kimya macho yako hayachezi.

Na hapa niwaombe wote tushikane. Mtu kama mama, msimfanyie HINTS. Njia yake ya neva tatu ni nzima, kwa hiyo kipimo cha kichwa kitatoka kizuri, mtamwandikia kiharusi na kumpeleka mkoani kwa ajili ya vijiwe. Kipimo kile kina maana kwa mwenye kizunguzungu kisichokatika ambaye macho yanacheza hapo unapomwona. Kama hayachezi, hata baada ya karatasi, majibu ya kipimo cha kichwa hayakuambii kitu. Na huyo baba, mama, tungemning'iniza kichwa tungemwongezea matapishi tu.

---

JuaKali_Sana

Nimefuata uzi huu kwa sababu yangu binafsi. Mimi nina ualbino. Macho yangu yanacheza tangu nizaliwe, kulia kushoto bila kupumzika. Kila nikienda kituo cha afya na homa zangu, intani mpya ananimulika tochi, anashtuka, anamwita mwenzake, wanaitana mpaka nakuwa maonyesho. Mmoja aliniandikia "uchunguzi wa ubongo" kwa malaria.

Dunia hainizunguki. Haitikisiki hata kidogo. Nikitaka kusoma ubao nilikuwa nageuza uso kushoto, walimu wakidhani nina kiburi. Sasa swali langu zito: siku nikipata kweli kiharusi cha hiyo aina, mtakijuaje?

---

Msumari_Mrefu

Ndugu yangu, swali lako ni gumu kuliko la mwenye uzi.

La kwanza ni jepesi. Nistagmasi ya tangu utotoni ina sura yake na intani alipaswa kuijua, hasa kwa mtu mwenye ualbino. Mtu haoni dunia ikitikisika kwa sababu ubongo umekua nayo. Ukitazama juu bado inabaki ya pembeni, haigeuki kuwa ya wima. Na ule uso uliokuwa unaugeuza haukuwa kiburi: kuna pembe moja ambako macho yanatulia zaidi, wewe uliigundua mwenyewe bila daktari na ukapeleka macho huko ili usome.

La pili sina jibu la kukuridhisha. Macho yako yanaweza kubadilisha upande wa mruko yenyewe, na yanapocheza muda wote ni kazi kuona kama yamerudi puani baada ya kichwa kuzungushwa. Kwako wewe macho tungeyaweka pembeni na kutegemea mengine: kizunguzungu kipya kisichokatika, kushindwa kukaa au kusimama, sikio kuziba ghafla, kumeza kwa shida, kichwa au shingo kuuma kusiko kwa kawaida. Omba iandikwe wazi kwenye kadi yako: "nistagmasi tangu kuzaliwa, ya pembeni, hutulia akigeuza uso kushoto." Siku hiyo ikifika, daktari ajue kipi ni cha zamani.

---

JuaKali_Sana

Nimekuelewa. Nitaiandikisha. Na nitawaonyesha uzi huu, wapunguze kuitana.

---

ZamuYaUsiku

Nafanya kazi idara ya dharura, hospitali kubwa kidogo. Nimesoma kwa heshima lakini naomba kupinga kitu. Msumari umesema "kwa mikono ya mabingwa." Huko kwetu kipimo cha kichwa kinafanywa vibaya kila siku. Wanazungusha polepole, mgonjwa anafuata kwa macho ya kawaida, wanaandika "kizima". Wanamwambia "sasa nakupeleka kulia", naye anajiandaa. Na wanakifanya kwa kila mwenye kizunguzungu, hata wa upungufu wa damu. Ukimpa kila tabibu silaha hii utajaza magari ya rufaa kwa watu wa vijiwe, au vibaya zaidi utawapa watu uhakika wa uongo. Mimi naona bora waangalie kama mgonjwa anaweza kukaa na kutembea. Basi.

---

Msumari_Mrefu

Nakubaliana nawe sehemu kubwa. Kukaa bila kushika ndicho kipimo ambacho ningemfundisha mtu wa kwanza. Mgonjwa wa neva ya mizani anayumba, anaegemea upande wa ugonjwa, lakini wengi wao wanasimama ukiwashika mkono. Anayeanguka akiwa amekaa kitandani ni wa kuogopa, hata kama macho yake sijayaona. Kwa huyu baba hilo peke yake lilitosha kumpa gari.

Lakini wapo wenye kiharusi kidogo wanaokaa na hata kutembea, na hao utawakosa bila macho. Hapo ndipo mimi na wewe tutaachana. Mbinu yenyewe si ngumu: nyuzi kama 10 hadi 20 tu, si kumpindua shingo. Ghafla, bila kumwambia upande, ukianzia pembeni na kumalizia katikati ili shingo isivutwe. Mwenye maumivu mapya ya shingo au aliyeumia shingo msimfanyie kabisa, mshipa unaweza kuwa umechanika.

Na kuna mtego mmoja wa mwisho ambao hata aliyefanya vizuri unamnasa. Mshipa unaolisha sikio la ndani mara nyingi ni tawi la mshipa wa serebelamu. Ukiziba kule juu, sikio na ubongo vinakufa pamoja: kipimo cha kichwa kinatoka kibovu kama cha ugonjwa wa neva, unafurahi, kumbe kiharusi. Kinachomfichua mara nyingi ni usikivu. Sugua vidole karibu na kila sikio. Kizunguzungu cha ghafla pamoja na uziwi mpya wa upande mmoja kwa mtu wa presha, mchukulie ni mshipa mpaka ithibitike vingine.

---

TabibuWilayani

Marejesho. Alifika saa kumi na moja jioni, akapigwa CT usiku uleule. Majibu: "hakuna tatizo." Mwenzangu leo asubuhi ananitazama kwa jicho la pembeni, ananiuliza mafuta ya gari atalipa nani.

---

Ngalawa77

Nilisema mimi.

---

Msumari_Mrefu

Ngalawa, taratibu. CT ya siku ya kwanza kazi yake ni kuonyesha damu. Kiharusi cha kuziba, tena kule nyuma ambako mifupa minene ya fuvu inaleta mistari kwenye picha, inakikosa mara nyingi zaidi kuliko inavyokiona. "Safi" hiyo imetuambia hajavuja damu, na hilo ni la maana kwa sababu sasa wanaweza kumpa aspirini. Haijatuambia hana kiharusi.

TabibuWilayani, piga simu uwaambie wasimruhusu. Serebelamu iliyokufa inavimba, na kilele cha uvimbe mara nyingi ni kama siku ya tatu. Nafasi ya kule nyuma ni finyu, ikivimba inaziba njia ya maji ya ubongo na kulikandamiza shina. Dalili ya kwanza ni usingizi. Akianza kusinzia wasiseme ni dawa ya kizunguzungu imemlaza. Na kwa ajili hiyo naomba prometazini na wenzake wapunguze mkono, zinaficha usingizi wa hatari.

---

TabibuWilayani

Siku ya tatu leo. Jana usiku alianza kusinzia, wakarudia CT: eneo jeusi chini ya serebelamu upande wa kushoto, uvimbe upo lakini njia ya maji bado iko wazi. Wamempeleka kwa wapasuaji wa ubongo, yuko chini ya uangalizi, kila saa wanamwamsha. Mwanawe anasema leo amemtambua na ameomba uji.

Mwenzangu amekuja kuniomba nimfundishe kile kipimo. Tatizo ni kwamba zamu yangu ya jana nilipata mama wa miaka 34, kizunguzungu tangu juzi, macho yanarukia kushoto tu popote anapotazama. Kichwa kulia macho yanateleza na kurudi, naona wazi. Kuziba jicho hakuna kitu. Anasikia, na anatembea akishikwa. Nimeandika neva ya kulia na nimembakisha wodini.

---

Msumari_Mrefu

Umesoma vizuri. Ikiwa ni neva, kesho kutwa atakuwa anakaa mwenyewe na nistagmasi itakuwa imepungua akikazia macho. Mwamshe kitandani mapema, asilale wiki nzima, na sinarizini usivuke siku tatu, maana inauchelewesha ubongo kuzoea.

---

ZamuYaUsiku

Ana miaka 34, ana maumivu ya shingo?

---

TabibuWilayani

Sikumuuliza. Naenda wodini sasa hivi.